Jedwali Linalosikika

Kamati za vituo vya kununulia majani chai huko Kericho na Bomet huwa na desturi ya kufunga kumbukumbu za mkutano kwa jedwali: kituo, kazi iliyoamuliwa, mhusika, tarehe. Ndiyo sehemu ambayo mkulima huitafuta kwanza, na ndiyo inayomsumbua zaidi mwenye macho hafifu.

Tuseme kituo kimoja kimepewa kazi tatu: kuziba paa, kukagua mizani na kutengeneza barabara ya lori. Karani huunganisha visanduku vitatu vya safu ya kwanza kuwa kimoja kirefu, kisha anaandika jina la kituo mara moja tu. Kwa jicho inapendeza. Lakini mkulima asiyeona hutumia programu kama NVDA, inayotolewa bure, na programu hiyo husoma kisanduku kimoja kimoja. Akishuka kwa Ctrl+Alt na mshale wa chini katika safu ya kazi, atasikia "kutengeneza barabara" bila kujua ni ya kituo gani. Dawa yake ni kurudia jina la kituo katika kila mstari, hata kama kuliandika kunachosha, na kuacha visanduku bila kuviunganisha. Mstari wa vichwa nao uwekewe alama ya Repeat Header Rows katika Word. Hapo NVDA huweza kutaja "Tarehe" kabla ya tarehe yenyewe.

Maandishi makubwa yana hesabu yake. Baada ya miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kuona vyema vya karibu, na wakulima wengi wa chai wameshapita umri huo. Kipimo cha kawaida cha maandishi makubwa ni pointi 18. Karatasi ya A4, ukiondoa kingo, hubaki na upana wa milimita 160 hivi, ambao kwa ukubwa huo hutosha herufi kama 50. Zigawe kwa safu sita, kila safu ipate nane, na neno "kutengeneza" litakatika. Kwa hiyo safu zisizidi tatu. Yaliyobaki yaandikwe kwa sentensi. (Kukuza A4 kuwa A3 kwa fotokopi hugeuza pointi 12 kuwa 17, ila karatasi hiyo haishikiki vizuri mkononi.)

Vichwa vya habari viseme jambo lenyewe: "Barabara ya lori kutengenezwa" badala ya "Min. 4". Visikolezwe wino tu, bali vipewe mtindo wa Heading 1 au Heading 2, ndipo msikilizaji aweze kuvirukia kwa kitufe cha H, katika hali ya kuvinjari.

Mwisho, karani aweke lugha ya waraka kuwa Kiswahili. Asipofanya hivyo, sauti ya Kiingereza huyatamka "majani" na "mizani" kwa namna ambayo hata aliyeyaandika hatayatambua.