Rangi ya Kibanzi Yatwambia Nini?

Aliyewahi kupita Malaba au Busia wakati wa jioni anaujua moshi wa miji hiyo miwili ya mpakani. Malori yanayongoja kuvuka kuingia Uganda hujipanga foleni, na palipo na madereva na utingo wenye njaa hapakosi jiko. Hapa mahindi na mihogo huchomwa juu ya makaa. Hatua chache mbele yake karai la mafuta linachemka, na vibanzi, au chipsi kama wengi wanavyoviita, vinageuzwa kwa kijiko chenye matundu. Wanafunzi watokapo shuleni nao husimama papo hapo. Aghalabu mteja humwambia mwuzaji, "Viache kidogo, vikauke." Mwuzaji huviacha, vikatoka na rangi ya kahawia iliyokolea, na mteja huondoka ameridhika.

Mada yetu ya leo ni huo muda mfupi wa "viache kidogo". Ndani ya muda huo kibanzi hupata rangi, harufu na ukavu unaopendwa, na ndani ya muda huo huo huzaliwa kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo haionekani kwa macho wala haina ladha ya kumwonya mlaji.

Habari za kemikali hii katika chakula zilianzia mbali na jikoni. Mwaka 1997 huko Sweden mafundi walikuwa wakichimba njia ya reli chini ya kilima cha Hallandsås. Ili kuziba maji yaliyokuwa yakipenya mwambani, walitumia dawa ya kuzibia yenye akrilamaidi. Dawa hiyo ilivuja hadi vijitoni. Samaki wakafa na ng'ombe waliokunywa maji hayo wakapooza. Wataalamu walipopima damu ya wafanyakazi, waliilinganisha na damu ya watu ambao hawakukaribia kabisa shimo lile. Wakashangaa kukuta dalili za akrilamaidi hata kwa hao wa pili. Swali likawa: wameipata wapi? Jibu lilitangazwa mwezi wa Aprili mwaka 2002, na wakuu wa chakula wa Sweden pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm: imo katika vyakula vya wanga vilivyokaangwa au kuokwa kwa moto mkali, na viazi vya kukaanga vilikuwa mstari wa mbele.

Hii haina maana kwamba mtu huitia kemikali hiyo katika chakula. Kiazi chenyewe hubeba malighafi zote mbili zinazohitajika. Ya kwanza ni asparajini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini, ambayo imejaa sana katika viazi. Ya pili ni sukari sahili, yaani glukosi na fruktosi. Hizi mbili zikikutana katika joto linalopita nyuzi 120 za Selsiasi, uso wa chakula ukiwa mkavu, huungana na kuleta rangi ya kahawia na harufu nzuri, na sehemu ndogo yake hugeuka kuwa akrilamaidi. Ndiyo maana kiazi kilichochemshwa hakina shida hii: maji yanayochemka sufuriani hayapandi juu ya nyuzi 100.

Hapo ndipo mpishi anapoweza kusoma alama, kwani dalili ya mvua ni mawingu. Kibanzi kibichi kitiwapo katika mafuta ya moto hutoa mapovu mengi kwa kishindo. Mapovu yale ni maji ya kiazi yanayogeuka mvuke, na maadamu yanatoka, uso wa kibanzi hauwezi kupata joto kali kama la mafuta. Maji yakipungua, mapovu hupungua na kishindo hutulia. Sasa uso umekauka, joto lake linapanda kwa haraka, na rangi inaanza kubadilika. Sehemu kubwa ya akrilamaidi hutengenezwa katika dakika hizi za mwisho. Kwa hiyo dakika moja ya mwisho si sawa na dakika moja ya mwanzo, na "viache kidogo" ina uzito kuliko tunavyodhani.

Je, madhara yake ni yapi? Tuseme ukweli bila ya kutia chumvi. Kwa wafanyakazi walioishika kemikali hii kwa wingi viwandani, imedhihirika kuwa inadhuru mishipa ya fahamu. Kwa panya waliolishwa kwa kiasi kikubwa katika maabara, ilileta saratani; na tangu mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la vitu ambavyo yamkini huleta saratani kwa binadamu. Lakini uchunguzi uliofanywa kwa watu kutokana na chakula wanachokula haujatoa jibu la namna moja. Sahani moja ya vibanzi haimwui mtu. Linalofaa kuangaliwa ni mazoea ya kila siku, hasa kwa watoto, ambao kwa kulinganisha na uzito wa miili yao hula kiasi kikubwa kuliko watu wazima. Pale ambapo hatari inaweza kupunguzwa kwa maji ya bomba na jicho lililo macho, sioni sababu ya kungoja.

Basi tuchukue mfano wa kilo moja ya viazi katika jiko la shule au kibanda cha Malaba, tuufuate hatua kwa hatua.

Kwanza, tuchague viazi. Vinavyoteremshwa kutoka miteremko ya Mlima Elgon, vikiwa vimekomaa na havijachipua, vina sukari sahili kidogo kuliko vichanga au vilivyokwisha kutoa machipukizi. Visiwekwe katika friji. Kiazi kikikaa kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 6 hivi, hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na siku ya kukaangwa hukolea rangi upesi sana. Mpishi wa hoteli anayeona vibanzi vinatoka na madoa meusi ilhali ndani havijaiva, asilaumu mafuta kwanza. Aulize viazi vililala wapi. Mahali pafaapo ni penye giza, pakavu na penye hewa ya kupita.

Pili, tuvikate vinene kiasi cha kidole, kwa usawa. Kibanzi chembamba kina uso mwingi na maji machache, hivyo hukauka na kukolea mapema. Vikikatwa ovyo, vyembamba huungua wakati vinene bado vinatafuta kuiva.

Tatu, tuviloweke katika maji baridi kwa nusu saa hadi saa mbili, tuvisuuze, kisha tuvikaushe kwa kitambaa safi. Maji hayo huondoka na sukari na asparajini iliyo katika uso uliokatwa. Watafiti wa Uingereza waliopima jambo hili mwaka 2008 waliona kuwa kusuuza tu kulipunguza akrilamaidi kwa karibu asilimia 23, kuloweka nusu saa kwa asilimia 38, na kuloweka saa mbili kwa asilimia 48. Sharti moja liliandamana na matokeo hayo: vibanzi viepuliwe vikiwa na rangi nyepesi. Anayeloweka saa mbili, kisha akakaanga mpaka vikawa kahawia, hupoteza faida aliyoipata.

Nne, mafuta yasizidi nyuzi 175. Asiye na kipimajoto atumbukize kipande kimoja: kikipanda juu mara moja kikiwa kimezungukwa na mapovu, na mafuta hayatoi moshi, joto linatosha. Mafuta yanayofuka moshi yamepita kiasi. Karai nalo lisijazwe pomoni, kwa sababu mafuta hupoa, vibanzi vikanywa mafuta, na mpishi akashawishika kuviacha humo muda mrefu.

Tano, mapovu yakianza kutulia, jicho lisibanduke. Rangi ikiwa ya dhahabu, viepuliwe.

Mwalimu wa sayansi anaweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa kiasi fulani. Achukue viazi viwili vya aina moja. Kimoja akiweke katika friji kwa wiki mbili na kingine kabatini. Kisha aponde kipande cha kila kimoja katika maji kidogo, achuje, na kupasha maji hayo moto pamoja na dawa ya Benedict, ileile wanafunzi wanayoijua kwa kupima sukari. Rangi ya buluu hugeuka kijani, manjano, hadi nyekundu ya tofali kadiri sukari inavyozidi, na kile cha friji kinatarajiwa kusonga mbele zaidi. Halafu jikoni, mbali na vyombo vya maabara, vipande vya viazi kama hivyo vikaangwe kwa muda mmoja katika mafuta mamoja. Wanafunzi waeleweshwe kwamba dawa ile inapima sukari. Akrilamaidi yenyewe huhitaji mitambo maalumu.

Kuhusu mahindi na mihogo ya kuchoma, kanuni ni ileile: chakula kiivishwe kwa makaa yaliyotulia badala ya mwali, kigeuzwe mara kwa mara, na kisiachwe kikaungua. Kukwangua sehemu nyeusi kunasaidia, lakini kunabakisha kahawia iliyo chini yake. Muhogo unataka tahadhari ya pekee. Katika nchi ya Wateso na Waluhya wa Busia upo muhogo mchungu, wenye sumu ya sayanidi, na ndiyo sababu wazee waliuvundika, wakauanika na kuusaga kabla ya kuula. Mtu asije akapunguza matayarisho hayo kwa kuogopa akrilamaidi. Sumu ya muhogo mchungu inaweza kuua kwa siku moja; hii nyingine ni suala la miaka. Muhogo mtamu ukichemshwa kwanza mpaka ukaiva, kisha ukapitishwa motoni kwa muda mfupi ili upate ladha, huhitaji moto mchache sana.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuwafukuza wauza vibanzi milangoni mwa shule. Sikubaliani nao. Mama yule analisha watoto wake kwa karai lile, na akifukuzwa hapa atauza pale, kwa rangi ileile. Yeye hukaanga jinsi mteja anavyotaka. Shule zinaweza kuafikiana naye kwamba viazi vitalowekwa na kuepuliwa vikiwa dhahabu. Gharama yake ni ndoo ya maji, na kwa kuwa vinakaa motoni muda mfupi, atabakiza makaa. Walimu wa sayansi ya nyumbani nao waache kutoa alama nyingi kwa kahawia iliyokolea, kana kwamba ndiyo ithibati ya upishi. Na mwanafunzi anayesimama mbele ya karai pale Malaba, badala ya kusema "viache kidogo", anaweza kusema, "Mama, vinatosha sasa."