Vibati vinavyovuruga hewa kwa makusudi

Kwenye baadhi ya ndege ndogo zinazotua katika viwanja vifupi vya vumbi, karibu na ukingo wa mbele wa bawa husimama safu ya vibati vyenye kimo cha sentimita moja au mbili. Vimewekwa kwa mshazari, si sambamba na upepo. Vinaonekana kuharibu bawa lililosuguliwa hadi likalainika, na kweli vinavuruga hewa.

Hewa inayogusa ngozi ya bawa haiendi popote, imeshikwa hapo. Ya juu yake kidogo huenda polepole, na kadiri unavyopanda kasi huongezeka. Utando huu mwembamba, aliouelezea Mjerumani Ludwig Prandtl mwaka 1904, huitwa tabaka la mpakani. Likiwa tulivu, hewa hupita tandotando bila kuchanganyika, na msuguano huwa mdogo. Likivurugika, msuguano huongezeka. Kwa hiyo utulivu ungeonekana ndio bora.

Shida huanza baada ya mbinuko wa bawa. Kuanzia hapo mgandamizo wa hewa unaongezeka kuelekea nyuma, na hewa ya chini, iliyokwisha choka kwa msuguano, inaukabili kama mwendesha baiskeli anayefika kwenye mlima bila kasi. Inasimama, kisha inarudi nyuma, na mtiririko mzima unabanduka. Rubani akizidi kuinua pua ya ndege, mbanduko husogea mbele hadi bawa linapoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kunyanyua.

Tabaka lililovurugika huchelewa kubanduka, kwa kuwa hewa ya kasi ya juu hushuka na kuisukuma ile ya chini. Mwaka 1914 Prandtl alilionyesha hilo kwa kuzungushia tufe waya mwembamba. Waya ulivuruga tabaka, mbanduko ukasogea nyuma, na ukinzani wa hewa ukapungua. Ajabu hiyo bado inanifurahisha: tufe lenye waya lilipita hewani kwa urahisi kuliko lililo laini.

Vibati vinafanya zaidi ya waya. Kila kimoja ni kama kibawa kilichosimama wima, na kwenye ncha yake huzaliwa kisulisuli kinachofuata bawa kuelekea nyuma, kikishusha hewa ya kasi na kupandisha iliyochoka. Ndiyo maana hufaa hata pale tabaka lilipokwisha kuvurugika lenyewe, mradi vitangulie mahali pa mbanduko. Vikikaa nyuma yake, vinazama katika hewa iliyokufa.

Mafundi huhakiki kwa kubandika vipande vya uzi wa sufu juu ya bawa. Uzi ukilala kuelekea nyuma, hewa imeshika. Ukipepesuka ovyo au kugeukia mbele, imebanduka.

Faida yake ni kutua kwa mwendo mdogo zaidi. Gharama ni ukinzani kidogo wakati wa safari, na bawa bado litashindwa pua ikiinuliwa kupita kiasi. Tena kabla ya kuruka vibati hukaguliwa, kwani vikidondoka upande mmoja, bawa hilo laweza kushindwa kwanza na ndege ikalalia huko.