Kadi Nne na Hatua za Witiri

Panga kadi nne hivi: 3, 1, 4, 2. Kwa kubadilisha nafasi za kadi mbilimbili, unaweza kufika 1, 2, 3, 4 kwa hatua tatu, au tano, au kumi na tatu ukipenda kujichosha. Kwa nne, kamwe.

Hesabu jozi zilizopinduka, yaani kubwa imetangulia ndogo: 3 na 1, 3 na 2, 4 na 2. Ni tatu. Ukibadilisha kadi jirani, jozi hiyo pekee hugeuka, hivyo hesabu hupanda au hushuka kwa 1. Kadi zikiwa na nyingine k katikati, kuzibadilisha ni sawa na hatua za jirani 2k + 1, daima witiri. Basi kila badilisho hugeuza witiri kuwa shufwa, na shufwa kuwa witiri. Kutoka 3 hadi 0, hatua lazima ziwe witiri, upite njia yoyote. Ndiyo maana kila mpangilio una alama moja tu: +1 kwa shufwa, −1 kwa witiri.

Mipangilio yote ni 24. Badilisha kadi mbili za mwanzo katika kila mmoja, na kila wa shufwa hupata mwenzake wa witiri: 12 kwa 12. Mageuzi mawili ya shufwa yakifuatana hubaki shufwa, kwa hiyo hayo 12 ni kundi dogo lililo nusu kamili ya kundi zima. Ukiwa na kadi moja tu, hakuna cha kubadilisha, wala nusu.