Mahamri ya tui yanayofura

Andazi lililofura, ukilipasua, ndani lina uwazi wa kutia mbaazi. Hayo ndiyo mahamri ya Mombasa, na leo nakupikia hatua kwa hatua.

Chukua unga wa ngano nusu kilo, sukari vijiko vitano vya chakula, hamira kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo, na iliki nane ulizozimenya na kuzitwanga mwenyewe. Iliki ya kutwanga papo hapo hunukia nyumba nzima. Changanya vyote vikavu, kisha utie kijiko kimoja cha samli na usugue kwa vidole.

Sasa tui zito, kama kikombe kimoja. Liwe vuguvugu tu: chovya kidole, usisikie moto wala baridi. Tui la moto huua hamira, na unga hautaumuka hata ukiungoja mpaka jioni. Mimina kidogo kidogo, kwa sababu unga mwingine hunywa zaidi kuliko mwingine. Kanda dakika kumi na tano, mpaka donge liwe laini na liache kunata mikononi. Lifunike, uliweke mahali pa joto. Kwa joto la pwani saa moja na nusu hutosha. Penye baridi ngoja zaidi, mpaka lipande mara mbili.

Gawa madonge matano. Sukuma kila moja liwe duara lenye unene kama wa nusu sentimita, sawasawa kote. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukisukuma jembamba mno hupati uwazi, linakuwa kavu kama kaki. Na penye unene usio sawa, upande mmja hufura na mwingine hulala. Kata kila duara mara nne, upange vipande juu ya kitambaa kilichonyunyizwa unga, uvifunike, uviache dakika ishirini na tano.

Teleka mafuta mengi kwenye karai, moto wa wastani. Tupia kibonge kidogo cha unga: kikizama kisha kikapanda upesi na mapovu pembeni, mafuta yako tayari. Kikikaa chini, ngoja, la sivyo mahamri yatakunywia mafuta. Kikibadilika rangi papo hapo, punguza moto, maana nje itaungua na ndani ibaki mbichi.

Tia vipande vitatu au vinne tu. Mara vikielea, teka mafuta kwa upawa uvimwagie juu, mara mbili tatu. Joto hilo la juu ndilo linalokinyanyua kipande. Utakiona kinatuna mbele ya macho yako. Geuza, kisha ukiwa na rangi ya dhahabu pande zote, epua. Usivitoboe kwa uma, mvuke utatoka na hamri litanywea.

Yachuje mafuta kwenye chujio, si kwenye sahani, yasilowe chini. Kisha mbaazi za nazi na chai ya maziwa, yangali moto.