Macho yasiyosaidiwa na miwani: Jeni moja yaamua mengi

MSICHANA wa miaka 13 anayeishi Ruiru aweza kutembea hadi kituo cha matatu bila kumgonga mtu, kisha akashindwa kusoma kibao cha gari linaloelekea Thika. Darasani haoni ubao hata akiketi mbele, ilhali uwanjani anakimbia na wenzake bila kujikwaa. Tofauti hiyo ndiyo huwafanya walimu kudhani kwamba mtoto wa namna hii anajifanya, nao wazazi wakambadilishia miwani mara tatu pasipo nafuu.

Mara nyingi hali hiyo inapowapata vijana wa umri huu kwa kurithi, chanzo huwa ugonjwa wa Stargardt, uliopewa jina la daktari Mjerumani, Karl Stargardt, aliyeueleza mwaka wa 1909. Humpata takriban mtu mmoja kati ya 8,000 hadi 10,000. Jicho hutumia vitamini A kunasa mwanga, na kazi hiyo huacha mabaki. Jeni iitwayo ABCA4 ndiyo hutengeneza pampu ya kuyaondoa. Pampu ikiwa mbovu, mabaki hurundikana nyuma ya retina na kuziua seli za katikati, zile zinazotumika kusoma na kutambua sura. Seli za kandoni husalia, ndiyo maana wengi wa wagonjwa hawafikii upofu kamili.

Dalili ya kwanza kwa mpimaji ni rahisi. Mgonjwa hutazama herufi kupitia tundu dogo. Kama tatizo ni la miwani, herufi huwa wazi zaidi. Kama hazibadiliki, shaka huelekea kwenye retina au mshipa wa jicho. Hapo ndipo makosa hutokea, kwa kuwa mwanzoni retina huweza kuonekana nzima kwa kurunzi ya daktari. Inahitajika picha ya mwanga maalumu ambamo mabaki yale hung'aa, pamoja na ile inayoonyesha tabaka za retina zilizokonda. Kliniki ya macho ya kawaida huenda isiwe na mashine hizo, hivyo ni vyema mzazi aombe rufaa kwa mtaalamu wa retina.

Kuna hadhari moja ambayo familia nyingi hazielezwi. Mtoto akilalamikia macho, jamaa hukimbilia vidonge vya vitamini A na mafuta ya samaki. Kwa mgonjwa wa Stargardt, vidonge hivyo ni kuongeza mabaki pale yasipoondolewa. Chakula cha kawaida, karoti zikiwemo, hakikatazwi. Kofia na miwani ya jua hushauriwa.

Uthibitisho hutokana na kupima jeni katika damu au mate, na hapo ndipo ushauri wa urithi huanza. Stargardt ya ABCA4 huhitaji nakala mbili mbovu, moja ya baba na moja ya mama, ambao wenyewe huona vizuri. Kwa hivyo lawama za kwamba "ugonjwa umetoka kwenu" hazina msingi. Kila mimba ina uwezekano wa robo kuzaa mgonjwa. Wengi hukosea kwa kudhani kwamba mtoto mmoja akishaugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba huanza hesabu upya. Msichana mwenyewe akiolewa na mtu asiyebeba jeni hiyo mbovu, watoto wake wataibeba bila kuugua.

Jina la jeni lazima lijulikane, kwani ugonjwa wa Leber, ambao huwaathiri hasa wavulana na kuwapofusha katikati kwa majuma machache, hurithiwa kwa mama pekee. Hesabu yake ni nyingine kabisa.

Je, tiba ya jeni? Dawa ya Luxturna, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017, iliuzwa kwa dola 850,000 kwa macho mawili, zaidi ya Sh100 milioni kwa thamani ya sasa. Lakini hutibu ubovu wa jeni ya RPE65 pekee. Virusi visivyo na madhara vinavyobeba jeni hiyo hadi kwenye retina huweza kuchukua herufi zipatazo 4,700, nayo ABCA4 ina takriban 6,800. Mzigo hautoshi kwenye gari.

Watafiti wanajaribu kuigawa jeni hiyo katika vipande viwili vitakavyoungana ndani ya seli. Kampuni ya Ocugen ya Marekani, kwa upande wake, inajaribu kutia jeni nyingine, RORA, ili kuzilinda seli zilizobaki. Hakuna njia kati ya hizi inayofufua seli zilizokufa, na yeyote anayemtoza mzazi pesa leo kwa ahadi hiyo anastahili kuepukwa.

Wakati huo huo msichana ana mitihani. Thika ina shule ya vipofu iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, lakini mwenye Stargardt mara nyingi huweza kubaki katika shule yake akitumia lenzi ya kukuza maandishi. Hospitali ya Kikuyu, katika kaunti hiyo hiyo ya Kiambu, ina kliniki ya uoni hafifu. Baraza la Mitihani nalo hutoa karatasi zenye herufi kubwa na muda wa ziada, mradi mwalimu mkuu aonyeshe hali ya mtahiniwa wakati wa usajili.