Msimamizi Kwanza, Pilau Baadaye

Familia nyingi zinapojiandaa kubatiza mtoto huanza na turubai, keki na idadi ya wageni, kisha msimamizi anatafutwa wiki ya mwisho. Ndipo Jumamosi, ng'ombe ameshachinjwa, katekista anawaambia kwamba waliyemchagua hawezi kusimama. Katika Kanisa Katoliki, ambalo ndilo ninalolizungumzia hapa, mambo ya siku hiyo yana mpangilio wake: msimamizi, kisha tarehe, kisha kadi, na chakula mwisho.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka msimamizi mmoja tu, mwanamume au mwanamke. Wakiwa wawili, wawe mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo ile desturi ya kupanga mashangazi wanne mbele ya altare haina nafasi katika daftari la ubatizo. Msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepokea Kipaimara na Ekaristi, na maisha yake yaendane na imani anayokwenda kuisimamia. Baba au mama mzazi hawezi kumsimamia mwanawe. Rafiki Mlutheri au Mwanglikana aliyebatizwa anaweza kusimama kama shahidi wa ubatizo, mradi awepo msimamizi Mkatoliki pamoja naye.

Kwetu kikwazo kinachowaangusha wengi ni ndoa. Mtu anayeishi na mwenzake bila ndoa ya Kanisa kwa kawaida hakubaliwi, hata akiwa mwenye heshima na mkarimu kuliko wote katika ukoo. Ndiyo maana ofisi ya parokia humwomba msimamizi barua kutoka jumuiya yake ndogo ndogo au kwa paroko wake. Wazazi wenyewe wakiwa bado hawajafunga ndoa, mlango haujafungwa kwa mtoto: inatosha mzazi mmoja akubali, na pawe na tumaini la kweli kwamba atalelewa Kikatoliki. Wajue tu kwamba paroko atataka kuzungumza nao mapema.

Tuchukue familia moja ya kufikirika ya Kimara, Dar es Salaam, inayotaka kumbatiza Daudi mwezi Septemba. Wamemchagua shangazi anayeishi Morogoro. Barua yake itatoka parokia ya kwake, si ya Kimara, na huenda ikapitia kwa mwenyekiti wa jumuiya kabla ya kufika kwa paroko. Familia hii ikiianza kazi hiyo miezi miwili kabla, barua ikikwama bado kuna muda wa kumwomba mtu mwingine bila kumvunjia shangazi heshima. Tarehe isitangazwe kwa ndugu mpaka barua iwe mkononi.

Shangazi naye aelezwe anachokubali. Ibadani ataulizwa kama yuko tayari kuwasaidia wazazi. Atamkataa Shetani na kuikiri imani pamoja nao. Na mshumaa wa mtoto utawashwa kutoka Mshumaa wa Pasaka. Baada ya hapo kazi yake ni kumfuatilia mtoto katika imani: kuuliza kama anakwenda mafundisho, kumwombea, kuwapo anapojiandaa kwa Komunyo na Kipaimara. Hawi mlezi wa kisheria, wala hadaiwi ada ya shule. Anayechaguliwa kwa sababu ya mfuko wake huishia kutoa zawadi siku ya kwanza, kisha haonekani tena.

Sasa kadi. Kadi nzuri humjibu mgeni mambo manne: nani anamwalika, kwa ajili ya nini, ibada ni wapi na saa ngapi, na chakula ni wapi na saa ngapi. Kosa linalojirudia ni kuandika saa moja tu. Mgeni anayeona “saa 7 mchana” pekee huja kula na kuikosa Misa, na anayeona saa ya Misa pekee hajui kama ajipange kurudi kwake. Kadi ya Daudi inaweza kusomeka hivi:

“Familia ya Baba na Mama Neema wa Kimara inayo furaha kumwalika Bw./Bi. ………… katika Misa Takatifu ya ubatizo wa mtoto wao Daudi, Jumapili, tarehe 6 Septemba 2026, saa 3:00 asubuhi, kanisa la parokia. Baada ya Misa, tunakukaribisha kwa chakula cha mchana nyumbani kwetu, saa 7:00 mchana. Kadi hii ni ya watu wawili. Tafadhali tujulishe kabla ya tarehe 30 Agosti kama utafika. Karibu sana.”

Sentensi ya watu wawili inaokoa sufuria, kwa sababu bila hiyo kila kadi huleta gari zima. Kama mnaomba michango, itajwe katika kadi nyingine na mapema zaidi. Mchango ukiwekwa kwenye kadi ya mwaliko, asiye na kitu hukaa nyumbani kwa aibu.

Chakula cha watu 40, wakiwamo watoto, hakihitaji aina kumi. Pilau ya ng'ombe, kachumbari, maharage kwa wasiokula nyama, na tikiti maji vinatosha. Kwa pilau, mchele kilo 5, nyama yenye mifupa kilo 6, viazi kilo 2, vitunguu kilo moja na nusu na mafuta chini kidogo ya lita moja. Kwa kachumbari, nyanya kilo 3 na vitunguu kilo 1. Chumvi itiwe wakati wa kupakua, la sivyo bakuli litajaa maji. Kreti mbili za soda za chupa 24 zinampa kila mtu moja na kubakiza nane. Kama kuna majirani Waislamu na mnaongeza kuku wa nyumbani, mwombeni mmoja wao achinje, ili wote wale bila wasiwasi.

Mchele wa kilo 5 usipikwe katika sufuria moja isipokuwa mpishi ameizoea kazi hiyo: chini huungua kabla juu hakujaiva. Sufuria mbili za kilo mbili na nusu, kila moja ikipaliwa makaa juu ya kifuniko, huiva sawasawa. Nyama ichemshwe asubuhi, viungo viandaliwe, ila mchele uingie saa 5, Misa inapokaribia kwisha. Wali uliopikwa alfajiri na kukaa vuguvugu mpaka mchana huota vijidudu vinavyoumiza tumbo, na huenda harufu yake isibadilike kumwonya mlaji.

Komunyo ya Kwanza hufuata njia hiyohiyo, ila kwa tofauti tatu. Tangu mwaka 1910, Papa Pius wa Kumi alipoushusha umri hadi kama miaka saba, mtoto hupokea akishaweza kutambua anachopokea, akiwa ameungama na kumaliza mafundisho; kwa hiyo tarehe hupangwa na parokia kwa kundi zima, na familia huifuata. Msimamizi mpya hahitajiki kisheria. Mwiteni yule wa ubatizo. Na mtoto asile wala asinywe chochote isipokuwa maji au dawa kwa saa nzima kabla ya kukomunika, kwa hiyo soda zifichwe mpaka mrudi nyumbani.

Kabla ya kuondoka parokiani siku ya ubatizo, someni daftari au cheti herufi kwa herufi: jina la mtoto, la wazazi, la msimamizi, na tarehe ya kuzaliwa. Cheti hicho kitaombwa tena kwa Komunyo, kwa Kipaimara na siku Daudi atakapotaka kuoa, na herufi moja iliyokosewa ni rahisi kuirekebisha leo kuliko baada ya miaka 25.