Mama Anaposhindwa Kuzuia Haja Kubwa

Chukua mfano wa mama aliyejifungua mtoto wa kwanza mwenye kilo nne na ushee. Alisukuma kwa muda mrefu, mwishowe mtoto akavutwa kwa kifaa. Akashonwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Wiki chache baadaye upepo unamtoka mbele za watu bila kutaka, na akibanwa na haja kubwa hawahi choo. Anaacha kwenda harusini na kwenye ibada. Mumewe hajui sababu.

Kilichomtokea kinaeleweka. Njia ya haja kubwa hufungwa na misuli miwili ya mviringo. Wa ndani hujibana wenyewe mchana na usiku. Wa nje ndio tunaoukaza kwa hiari, haja inapotujia tukiwa mbali na choo. Mtoto anapotoka, msamba unaweza kuchanika mpaka kwenye misuli hiyo. Aliyeumia wa nje hubanwa ghafla asiweze kujizuia. Aliyeumia wa ndani hukuta nguo imechafuka bila yeye kuhisi.

Mchaniko wenyewe hupita bila kuonekana kwa urahisi. Mwaka 1993 Dakta Abdul Sultan na wenzake jijini London waliwapima kwa ultrasaundi wanawake waliojifungua mara ya kwanza kwa njia ya kawaida, wakakuta misuli ya takribani mmoja kati ya watatu imeathirika, ingawa wengi wao hawakuwa na dalili. Ndiyo maana mkunga anapaswa kupima kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa kabla ya kushona. Wengine huanza kusumbuka miaka mingi baadaye, misuli inapodhoofika kwa umri.

Tiba huanza na kinyesi chenyewe, kwa kuwa choo laini sana ndicho kigumu kuzuia. Pamoja na hilo huja mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga. Mama hukaza kama anayezuia ushuzi, bila kubana matako wala kushikilia pumzi. Hushikilia kwa sekunde tano, hulegeza kwa sekunde kumi, hurudia mara kumi, na hufanya hivyo mara tatu kwa siku. Polepole hufikia sekunde kumi. Nafuu huhitaji miezi mitatu hivi, na wengi hukata tamaa mapema mno. Wengine hukosea kwa kusukuma chini badala ya kuvuta juu. Mtaalamu wa fiziotherapia huligundua hilo mara moja kwa kupima.

Mazoezi hayaungi msuli uliokatika kabisa. Huyo huhitaji upasuaji. Na kinyesi au upepo ukipita ukeni, hiyo huenda ni fistula, inayotibiwa kwa upasuaji katika hospitali kama CCBRT, Dar es Salaam.

Mama mwenye tatizo hili asingoje kuulizwa kliniki. Amwambie mkunga au daktari waziwazi: “Siwezi kuzuia haja kubwa,” na aombe kupimwa misuli.